Sekunde tisini kabla ya kung'oa nanga: filamu ya usalama na kumbukumbu ya abiria

Katika boti za mwendo kasi zinazovuka kati ya Dar es Salaam na Unguja, safari huchukua kiasi cha saa mbili, na katika saa hizo runinga zilizotundikwa mbele ya ukumbi wa abiria huonyesha mambo mengi. Dakika chache za mwanzo ni za maelezo ya usalama. Wakati huo abiria wengine bado wanatafuta mahali pa kuweka mabegi, wengine wanawaarifu jamaa kwa simu kwamba wameshapanda, mama anambembeleza mtoto, na waliozoea njia wamekwisha kufumba macho ili walale kabla bahari haijaanza kuwachafua. Maelezo yakimalizika, mchezo wa kuigiza huanza, na hapo ndipo macho huinuka.

Kwa mtazamo wa tiba, haitoshi kuuliza iwapo filamu hiyo ilionyeshwa. Linalohitaji kuulizwa ni nini kilichobaki kichwani mwa abiria dakika arobaini baadaye, na ni kipi kati ya hicho ambacho mikono yake ingeweza kukitenda endapo chombo kingelala ubavu ghafla. Mtu asiyevaa jaketi okozi na asiyejua kuogelea anaweza kuzama chini ya uso wa maji katika muda usiozidi dakika moja. Akishazama, hupoteza fahamu ndani ya dakika chache, na ubongo uliokosa oksijeni kwa dakika nne hadi sita huanza kupata madhara yasiyorekebishika. Hakuna hospitali inayoweza kufika ndani ya muda huo. Kwa dakika hizo tiba pekee iliyopo ni kile ambacho abiria alijifunza kabla ya kung'oa nanga.

Kichwa kilichobanwa

Binadamu anaposhtuka, tezi zilizo juu ya figo humimina adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, na macho hukazia kitu kimoja na kuacha vingine vyote. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kazi yake ni kupima, kupanga na kuchagua, hulemewa. Wengi husimulia baadaye kwamba waliganda: waliona, walisikia, lakini hawakutenda. Jambo hili lisichukuliwe kuwa woga au ujinga. Ni mwili uliotafuta katika ghala la kumbukumbu jambo la kufanya, na haukulikuta.

Kinachosalia katika hali hiyo ni yale ambayo mwili umekwisha kuyazoea. Wahudumu wa ndege wanaifahamu sana tabia ya abiria ambaye, anapotakiwa kutoka kwa haraka, hubonyeza ubavu wa bizimu ya mkanda kana kwamba amekaa ndani ya gari, ingawa mkanda wa ndege hufunguliwa kwa kuinua kibati chake. Dakika ishirini kabla ya hapo alionyeshwa namna ya kuufungua. Alielewa, na kama angeulizwa angejibu vizuri. Lakini katika taharuki mkono haukutafuta jibu, ulitafuta mazoea.

Kuna kizuizi kingine, nacho ni udogo wa kumbukumbu ya muda mfupi. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kwamba mtu anaweza kushika akilini mambo yanayokaribia saba kwa wakati mmoja. Mwaka 2001 Nelson Cowan alilichunguza upya suala hilo na akahitimisha kwamba, mtu asipopata nafasi ya kuyarudia moyoni au kuyafunga pamoja, idadi hiyo hushuka hadi kama manne. Abiria aliyezungukwa na kelele za injini, watoto na mizigo hawezi kutegemewa kushika zaidi ya hayo manne.

Sasa ichukuliwe filamu ya kawaida ya usalama. Hueleza mahali pa jaketi okozi, namna ya kulivaa, milango ya dharura, maboya ya duara, matanki ya kujipuliza yanayobeba watu, vizima moto, mlio wa tahadhari, mahali pa kukutanikia, katazo la kuvuta sigara, katazo la kusimama kwenye ngazi, na mifuko ya kutapikia. Hayo ni mambo kumi na moja, na yote ni ya kweli. Kosa liko katika kuyapa uzito sawa. Kipimo cha kuyachuja ni swali moja: je, hili ni jambo ambalo abiria atalazimika kulifanya kwa mikono yake mwenyewe, pengine bila kuambiwa na mtu, katika dakika tano za kwanza? Vizima moto na matanki ya kujipuliza ni kazi ya mabaharia. Sigara na ngazi zinatosha kuandikwa ukutani. Mfuko wa kutapikia hauhitaji filamu; jirani ataonyesha. Yanayobaki baada ya mchujo ni matendo manne: kutazama, kuvaa, kutoka na kushikamana.

Jaketi lisilokazwa

Tendo la pili ndilo linalostahili muda mrefu kuliko mengine, kwa kuwa ndilo linalokosewa zaidi, na kosa lake halionekani mpaka mtu awe ndani ya maji. Jaketi la kawaida la sponji kwa mtu mzima husukuma kwenda juu kwa nguvu inayokaribia ile ya kuinua mzigo wa kilo kumi hadi kumi na tano. Nguvu hiyo inatosha kabisa kushikilia kichwa nje ya maji, kwa sharti kwamba jaketi limebana mwilini. Mshipi ukiachwa ukining'inia, jaketi hupanda lakini mwili haupandi nalo. Sponji hufika masikioni, mabega hushuka, na mdomo hubaki usawa wa maji. Kila wimbi dogo humlazimisha mtu kumeza maji au kuyavuta kwa pumzi. Kwa mbali anaonekana ameokoka, maana jaketi linaelea, kumbe anazama polepole akiwa ndani yake.

Kwa hiyo filamu haitoshi kuonyesha mtu akipitisha kichwa katika tundu la jaketi na kutabasamu. Ni lazima ionyeshe mshipi ukizungushwa kiunoni, bizimu ikiingia hadi ilie, ncha ya mshipi ikivutwa, kisha mtu wa pili akiyashika mabega ya jaketi na kuyavuta kwenda juu kwa nguvu. Jaketi lisipopanda hadi kidevuni, limekaa. Jaribio hilo dogo la kuvuta mabega ndilo linalotofautisha kuvaa na kufunga. Lina faida nyingine pia: linamfanya abiria amtazame jirani yake, na mtu anayemkagua mwenziwe haganda kwa urahisi.

Namna ya kulipiga picha tendo hili nayo ina maana. Mtu anayeonyeshwa kwa mbele hugeuza kulia na kushoto, na mtazamaji hulazimika kugeuza tena kichwani mwake. Kazi hiyo ndogo inamla sehemu ya zile nafasi nne za kumbukumbu. Kamera inapaswa kuwekwa nyuma ya bega la mvaaji ili mikono inayoonekana ikae kama mikono ya mtazamaji mwenyewe. Jaketi linaloonyeshwa sharti liwe lile lile lililomo chomboni, kwa rangi, kwa idadi ya mishipi na kwa aina ya bizimu. Filamu iliyonunuliwa mahali pengine, yenye jaketi la zipu, humfundisha abiria kutafuta zipu ambayo haipo.

Hata jina lina matatizo yake. Vitabu husema jaketi okozi, lakini abiria wengi wa mwambao na wa maziwa huliita boya, neno ambalo baharia hulitumia kwa lile duara lililofungwa kwenye reli za sitaha. Baharia akipaza sauti kwamba maboya yarushwe majini, anaweza kusikika kana kwamba anawaambia watu wavue majaketi. Ufumbuzi mwepesi ni filamu kutamka majina yote mawili mara moja huku mkono ukiwa juu ya kitu chenyewe, na baada ya hapo mabaharia watumie neno lile lile lililotumiwa na filamu.

Mtoto aliye mgongoni

Liko jambo moja ambalo filamu zilizotengenezwa mbali haziwezi kulijua. Katika vivuko na meli za Afrika Mashariki, mtoto mchanga husafiri mgongoni mwa mama, amefungwa kwa khanga. Mama huyo akisikia king'ora, tendo la kwanza la mwili wake ni kukaza khanga. Tendo la pili ni kuvaa jaketi, ama juu ya mtoto, ama kwa kulibana mbele peke yake.

Majaketi mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya meli yana sponji nyingi zaidi kifuani kuliko mgongoni. Sababu yake ni kwamba mtu aliyepoteza fahamu ageuzwe alale chali, uso ukiwa juu. Umbo hilo limeokoa maisha ya wengi. Lakini kwa mama mwenye mtoto mgongoni umbo hilo hilo linamgeuza alale juu ya mtoto wake. Uso wa mama unakuwa hewani na uso wa mtoto unakuwa chini ya maji, na mama hawezi kumwona wala kumfikia kwa sababu fundo la khanga liko kifuani, chini ya sponji iliyobanwa. Kadiri jaketi lilivyofungwa vizuri, ndivyo hatari ya mtoto inavyokuwa kubwa.

Kwa hiyo mtoto ahamishwe mbele kabla ya jambo lolote jingine. Avalishwe jaketi lake dogo kama lipo, kisha mama avae la kwake, kisha amshike mtoto kifuani, uso kwa uso, kwa mikono na si kwa fundo. Asimfunge kwa khanga juu ya jaketi, maana huenda ikalazimu kumkabidhi mtu mwingine aliye juu zaidi. Katika filamu jambo hili linahitaji sekunde kumi tu: khanga inafunguliwa, mtoto anakuja mbele, jaketi dogo, jaketi kubwa. Hakuna haja ya kueleza kwa maneno kwa nini. Lakini baharia anayetembea ukumbini anapaswa kuijua sababu hiyo, ili akimwona mama aliyekaa na mtoto mgongoni amwambie kwa upole, "Mama, nikuonyeshe jaketi la mtoto liko wapi," na asingojee dharura.

Majaketi ya watoto ni suala la idadi vilevile. Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini wa mwaka 1974, unaohusu meli za safari za kimataifa, hudai majaketi ya watoto yasiyopungua asilimia 10 ya idadi ya abiria, au zaidi ya hapo ikiwa watoto ni wengi, ili kila mtoto apate lake. Mtoto wa kilo kumi akivalishwa jaketi la mtu mzima hupenya chini na kuliacha likielea peke yake.

Kuvaa kwanza, au kutoka kwanza?

Hapa ndipo watengenezaji wengi wa filamu hupita haraka, na hapa ndipo pasipopaswa kupitwa haraka. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta ikaanguka baharini karibu na ufukwe wa Ngazija, katika Visiwa vya Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walifariki. Wapo waliokuwa wamevaa majaketi yao na kuyapuliza wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, majaketi yaliyojaa hewa yaliwapandisha hadi darini, nao wakashindwa kupiga mbizi kufikia milango iliyokuwa chini yao.

Jaketi la ndege hupulizwa, kwa hiyo kanuni yake ni nyepesi: vaa ndani, puliza nje. Jaketi la sponji halina hiari hiyo. Linaelea tangu linapovaliwa. Ndani ya ukumbi uliofungwa wa boti, huku maji yakipanda, ile nguvu ya kilo kumi na tano ambayo nje ingekuwa rafiki humkandamiza mvaaji kwenye dari. Mlango ukiwa umezama hata kwa nusu mita, hawezi kujishusha kuupita.

Basi abiria afanye nini? Jibu hutegemea maji yako wapi. Ikiwa ukumbi ni mkavu, avae akiwa kitini pake, kwa sababu akiwa amekaa ana nafasi na hasukumwi. Ikiwa maji yamekwisha kuingia ukumbini, au chombo kimelala ubavu kiasi kwamba sakafu haikanyagiki, alibebe jaketi mkononi, atoke, alivae nje. Kwa sentensi ya kukaririwa: maji ndani, jaketi mkononi. Maneno manne yenye vina hukaa kichwani kuliko aya nzima, na mtoto wa darasa la pili huyashika kwa kusikia mara mbili.

Hata hivyo uamuzi huu si wa mtengeneza filamu, wala si wa daktari. Nahodha na maofisa wa usalama wa chombo husika ndio wanaojua milango yake ilivyo, na agizo lao siku ya ajali lazima lilingane na filamu neno kwa neno. Filamu ikisema hivi na kipaza sauti kikasema vile, abiria hubaki katikati. Uzito wa sauti hiyo ulionekana tarehe 16 Aprili 2014, meli ya Sewol ilipolala ubavu katika pwani ya Korea Kusini. Abiria, wengi wao wakiwa wanafunzi, waliagizwa mara kwa mara kwa kipaza sauti wabaki walipo. Wengi walitii. Watu 304 walifariki. Filamu nzuri, kwa hiyo, haimfundishi abiria kutulia kitini tu. Humwonyesha njia ya kufikia sitaha ya wazi na mahali pa kukutanikia, na humzoeza sauti ya kumwita huko.

Sauti hiyo ni milio saba au zaidi mifupi ikifuatwa na mmoja mrefu. Kuielezea kwa maneno hakufai kitu, maana hakuna anayehesabu milio wakati wa hofu. Isikike yenyewe katika filamu, kwa kiwango cha chini, huku picha ikionyesha watu wakiinuka. Zaidi ya hapo picha ya kutoka ina mambo mawili tu ya kuonyesha. Mkono unaoachia begi ni la kwanza. La pili ni kidole kinachohesabu safu za viti hadi mlangoni, kwa kuwa taa zikizimika mtu hutoka kwa kupapasa, na mwenye kujua kwamba mlango uko safu ya sita nyuma yake haupotezi.

Kuhusu kushikamana majini hakuna haja ya maneno mengi. Waliovaa majaketi washikane mikono au mishipi, watoto wawekwe katikati, magoti yakunjwe, na mgongo uelekezwe wimbi linakotoka. Bahari ya Zanzibar ni ya joto ikilinganishwa na bahari za kaskazini, kwa hiyo baridi haiui kwa dakika. Uchovu ndio unaoua, hasa wa yule anayejaribu kuogelea kufuata nchi kavu anayoiona karibu kuliko ilivyo. Kundi lililoshikana pia huonekana upesi na mwokoaji kuliko vichwa vilivyotawanyika.

Kurudia bila kuchosha

Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kumbukumbu yake na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachokariri hupotea katika saa ya kwanza, na kwamba marudio yaliyotawanywa hudumu kuliko yaliyorundikwa pamoja. Kwa safari ya saa mbili, hili lina tafsiri ya moja kwa moja. Ni afadhali filamu ya sekunde tisini ionyeshwe mara mbili kwa kupishana, kisha kipande cha sekunde kumi na tano kirudiwe njiani, kuliko filamu ya dakika sita kuonyeshwa mara moja. Onyesho la kwanza lifanyike katika ukumbi wa kungojea gatini, ambako abiria wamekaa na hawana la kufanya. La pili lifanyike baada ya wote kuketi na kabla ya kung'oa nanga. Kipande kifupi kifuate baada ya dakika kama ishirini, kabla ya burudani kuanza. Mshindani wa kweli wa filamu ya usalama ni huo mchezo wa kuigiza, basi itangulie.

Lakini marudio peke yake yana sumu yake. Jicho linaloona kitu kile kile kila siku huacha kukiona. Tarehe 15 Januari 2009 ndege ya abiria ilitua juu ya Mto Hudson jijini New York, na watu wote 155 wakaokoka. Wengi wao walikuwa wamesafiri kwa ndege mara nyingi na wamepitiwa na maelezo ya jaketi mara zisizohesabika. Pamoja na hayo, ni wachache sana waliotoka wakiwa wamelivaa jaketi na kulifunga sawasawa. Maelezo yalikuwa yakirudiwa. Kilichokosekana ni abiria kufanya chochote.

Dawa yake ni swali na mkono. Sauti ya filamu iulize, "Jaketi lako liko wapi?" kisha inyamaze kwa sekunde tatu kabla ya kujibu. Katika ukimya huo ubongo hulazimika kutafuta, na kilichotafutwa hukaa kuliko kilichosikiwa. Kisha picha ionyeshe mkono ukishuka chini ya kiti na kugusa, na abiria waombwe waguse. Tendo hilo halichukui hata sekunde tano, wala halimwaibishi mtu. Mkono uliokwisha kugusa mara tatu utashuka wenyewe siku ya giza.

Matendo yenyewe na mpangilio wake yasibadilike kamwe kati ya onyesho moja na jingine. Kinachoweza kubadilika ni sura: mara mzee wa kanzu, mara mwanafunzi, mara mama wa buibui, ili aliyezoea njia apate sababu ya kutazama tena na kila mtu amwone wa kwao akilivaa jaketi juu ya vazi lake mwenyewe. Picha nzima ieleweke bila sauti, kwa sababu injini huimeza sauti, na bila maandishi, kwa sababu si wote wanaosoma. Mgawanyo unaofaa ni sekunde kumi za kutazama, thelathini na tano za kuvaa pamoja na mtoto, ishirini za kutoka, kumi za kushikamana, na kumi na tano za mwisho ambapo matendo yote manne hurudiwa kimya kimya.

Yapo mapendekezo ya kuchanganya humo picha za ajali ili watu watishike na kusikiliza. Hilo lipingwe. Hofu isiyoandamana na tendo jepesi humfanya mtu ageuze uso. Tena, katika njia hizi wanasafiri watu walionusurika au waliofiwa wakati meli ya Spice Islander ilipozama usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, na Skagit karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012. Kwa mtu wa namna hiyo picha ya chombo kinachozama haimkumbushi jambo tu, humrudisha mle mle: moyo humwenda mbio, jasho humtoka, na hakuna neno la filamu linalomfikia tena. Anayehitaji utulivu kuliko wote hutiwa hofu kuliko wote.

Kuijaribu

Filamu haijulikani ubora wake kwa kuwauliza watu kama wameipenda. Upo mfano wa kuiga katika kanuni za kimataifa za vifaa vya uokozi, ambazo hulipima jaketi lenyewe hivi: kati ya watu wasiolijua kabisa, asilimia 75 waweze kulivaa sawasawa ndani ya dakika moja bila msaada, na baada ya kuonyeshwa waweze wote. Kipimo hicho hicho kinaweza kupima filamu kwa gharama ya mchana mmoja gatini.

Chukulia abiria kumi wa kujitolea katika ukumbi wa kungojea, wakiwamo wazee, mama mwenye mtoto na asiyejua kusoma. Wanaitazama filamu mara mbili kama abiria wengine. Saa moja baadaye, baada ya chai na mazungumzo, kila mmoja anaitwa peke yake, anapewa jaketi lililokunjwa na kuambiwa tu, "Livae." Saa inahesabu, na mpimaji anaandika mikono ilifanya nini. Tuseme saba wanafaulu kabla ya dakika moja, na watatu wanapitisha kichwa, wanauzungusha mshipi, lakini wanaufunga kwa fundo badala ya bizimu. Watu watatu wakikosea kwa namna tatu tofauti, pengine ni bahati yao mbaya. Wakikosea mahali pamoja, kosa ni la filamu. Hapo sekunde za bizimu zirudiwe kupigwa picha kwa karibu zaidi, mlio wake usikike, na watu wengine kumi waitwe. Mama naye asiulizwe chochote kuhusu mtoto. Atazamwe tu mkono wake unaanzia wapi, kwenye fundo la khanga au kwenye jaketi.

Liko jaribio jingine ambalo hujifanya lenyewe chomboni kila safari, iwapo abiria wanaombwa waguse. Filamu ikisema jaketi liko chini ya kiti na mkono usikute kitu, abiria atainua kichwa na kumtafuta baharia. Filamu haiwezi kuongeza majaketi, wala kupunguza watu waliopakiwa kupita uwezo wa chombo, kama ilivyokuwa kwa Spice Islander, wala kufungua mlango uliozibwa na magunia. Lakini abiria mia tatu wanaopapasa chini ya viti kwa wakati mmoja ni ukaguzi ambao hakuna ofisa anayeweza kuufanya peke yake katika dakika zilizobaki kabla ya kamba kufunguliwa. Baharia anayepita kati ya viti wakati huo, akihesabu mikono iliyoinuliwa kwa kukosa jaketi, bado ana nafasi ya kurudi gatini na kuyachukua yaliyopungua.